MREJESHO: Mfuko wa siri na milango mitano ya fahamu, darasa la awali

Niliuliza: "Watoto wangu wa miaka 5 wakipapasa kitu kilichofichwa mfukoni wanakitaja tu bila kusema wamekijuaje, kisha wanapaka rangi picha zote tano za viungo vya fahamu kwenye karatasi. Nifanyeje?"

Walimu wenzangu, asanteni. Nimerudia somo juzi na limekaa sawa.

Kosa lilikuwa swali langu. Nilikuwa naanza na "Ni nini?" Sasa naanza na "Umejuaje?", na mtoto anajibu kabla hajakitoa kitu. Karatasi nayo nimeipunguza: mstari mmoja kwa kila kitu, wenye picha za jicho, sikio, pua, ulimi na mkono. Anapaka rangi kiungo kimoja tu, kile kilichomsaidia kwanza.

Vitu nilivyobadilisha ndivyo vilivyofanya kazi kubwa. Dodoki walilijua kwa mkono mara moja. Kopo lenye maharage, lililofungwa vizuri, halikutambulika mpaka lilipotikiswa. Karafuu niliifunga kwenye kitambaa, mtoto mmoja aliipapasa muda mrefu, akasema "mawe madogo", akaisogeza puani, akapiga kelele: "Ya kwenye pilau!" Kisha akapaka rangi pua bila kuambiwa.

Zoezi la kuonja kwa ulimi nimelitoa kabisa kwenye mfuko, maana mkono ukizoea kupeleka vitu mdomoni ni hatari. Tulionja ndimu na ndizi mezani, baada ya kunawa, na wazazi niliwauliza mapema kuhusu mzio.

Jicho bado linanisumbua. Kitu kikishatoka mfukoni, wote wanataka kupaka jicho, hata waliokwisha kukitambua.