Barua ya kuomba kazi ya udereva wa semitrela: rekodi ya barabarani inathibitishwaje?

Mwana wa Tunduma: Wakuu, naomba ushauri. Nina leseni ya daraja E na kwa miaka kadhaa nimeendesha semitrela za kontena kati ya Dar es Salaam na Lusaka, nikiwa nimeajiriwa na mzee mmoja mwenye magari mawili, ambaye hana ofisi wala mhuri. Sasa naandika barua kwa kampuni kubwa ya usafirishaji, nami nimekwama kwenye rekodi na uaminifu, kwa kuwa kila ninachoandika kinasomeka kama kujisifu. Aidha, gari langu liliwahi kugongwa kwa nyuma likiwa limeegeshwa Mikumi. Je, nilitaje?

Kipanga: Nenda polisi, uchukuliwe alama za vidole upate cheti cha tabia njema. Hicho kinamaliza maswali yote.

Mama Mizigo: Ndugu Kipanga, cheti hicho kiambatishwe, lakini kinahusu makosa ya jinai na hakionyeshi mtu anavyoendesha gari. Barua hizi hupita mezani kwangu, na karibu kila moja inasema "mimi ni mwaminifu na mchapakazi", maneno nisiyoweza kuyahakiki. Mwana wa Tunduma, andika hivi:

"Nina leseni hai ya daraja E. Nimeendesha semitrela za kontena hadi Lusaka kupitia Tunduma na Nakonde. Naambatisha nakala za kurasa za pasipoti zenye mihuri ya mpakani, pamoja na hati za kukabidhi mzigo zilizosainiwa na wapokeaji. Mwajiri wangu ameridhia kupigiwa simu."

Nikilinganisha tarehe za mihuri na za hati, naona safari ilichukua siku ngapi na kama mzigo ulifika kamili. Huo ndio uaminifu ninaoutafuta. Kabla ya kutuma barua, angalia deni la faini kwa namba ya leseni yako kwenye mfumo wa polisi, kwani nasi tutaangalia.

Suka wa Basi: Mimi nina daraja C na nimeomba kazi za malori bila kujibiwa. Tatizo ni barua?

Mama Mizigo: Kaka, tatizo ni daraja. C ni ya abiria. Ongeza E kwanza.

Mzee wa Kitonga: Kuhusu Mikumi, litaje kwa sentensi moja na uambatishe ripoti ya polisi. Wakilisikia kwa mwajiri wako kabla hujasema, watadhani ulificha.

Mama Mizigo: Hapo natofautiana nawe, mzee wangu. Ajali isiyo ya kosa lake ningeiacha nje ya barua, na ripoti ningeibeba kwenye usaili, kwa sababu msomaji mwenye barua nyingi huona neno "ajali" akaiweka kando.

Mwana wa Tunduma: Nashukuru sana. Hati za mzigo anazo mzee, hivyo nitamwomba nizitoe nakala, na ridhaa ya simu nitaichukua hapo hapo. La Mikumi bado nalipima.