Tupeane uzoefu: maiki unayo, watu wamejaa, mgeni rasmi hajafika

MwanaMakorora
Wakuu habari za jioni. Jumamosi nimepewa kusherehesha uzinduzi wa madarasa mawili ya shule ya msingi huku kwetu, wazazi ndo waliochanga mchanga na tofali mpaka boma likasimama, halmashauri ikaja kupaua. Mgeni rasmi mkuu wa wilaya. Ratiba inasema anaingia saa 4 asubuhi na nyote mnaijua saa 4 ya mgeni rasmi. Kuongea siogopi, nimeshasherehesha hitima na mahafali ya madrasa mara nyingi tu, ninachokiogopa ni lile pengo la kati, watu wako chini ya maturubai, watoto wameshaanza kulia, na mbele kuna adhuhuri inanisubiri. Mliopitia mlifanyaje? Semeni na yaliyoharibika.

FundiSpika
Muziki. Mwambie dijei aje na kaswida na taarabu za kutosha, pengo halitaonekana.

MwalimuMstaafu_Muheza
Muziki peke yake unachosha ndani ya dakika ishirini, watu wanaanza kuinuka kwenda kununua maji na hawarudi, alafu mgeni anaingia anakuta viti vitupu mbele. Nisikilize mwanangu, nimeshika maiki shughuli za shule na vijiji miaka mingi.

Ratiba ziwe mbili. Moja ile iliyopigwa chapa wanayopewa meza kuu, ya pili yako mwenyewe ya mkono, na kwenye hiyo ya mkono kila kipengele kiandikie dakika zake na alama: hiki kinaweza kufanyika mgeni hajafika, hiki lazima awepo, hiki nikibanwa nakitoa. Risala haisogezwi, ile anasomewa yeye. Kukata utepe na wimbo wa taifa navyo vinamsubiri. Lakini utambulisho wa wenyeji, historia fupi ya ujenzi, ngoma moja, watoto na ngonjera yao, hivyo vyote ulivipanga baada ya yeye kuingia kwa sababu ya heshima tu. Akichelewa vitangulize, na akifika umeshapunguza mzigo.

La pili, jana yake tafuta watu watatu wa kuwahoji. Fundi aliyejenga, mama aliyekuwa akipikia mafundi, mtoto mmoja atakayesoma humo. Maswali mafupi ya kazi yenyewe: mchanga mliutoa wapi, maji mlichota kisima gani, msingi ulipofika kwenye jiwe mlifanyaje. Watu wanakaa kusikiliza kwa sababu ni habari yao.

Na uwe na mtu mmoja mwenye namba ya dereva au msaidizi wa mgeni, asiwe wewe. Asiulize "mmekaribia?", maana jibu lake ni ndio siku zote. Aulize "mmeshapita Pongwe?" Ukijua walipo utajua una dakika ngapi.

ChumbageniFinest
Sawa mwalimu ila umesahau kubwa kuliko zote, akifika emsii ndo unamkaribisha mgeni rasmi azungumze, kwahiyo andaa wasifu wake mrefu umsome vizuri, alisoma wapi alifanya kazi wapi, wanapenda sana hao.

MwalimuMstaafu_Muheza
Hapana kijana wangu. Wasifu kuwa nao ni sawa, hapo uko sahihi. Lakini mshereheshaji hamkaribishi mgeni rasmi kuhutubia, anamwita mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye anayemkaribisha. Kama kwenye ratiba ni mkurugenzi au mwakilishi wake basi ni yeye, kama ni shughuli ya mtaa ni mwenyekiti wa mtaa. Wazungumzaji wanapanda kutoka chini kwenda juu, na akishasema mgeni rasmi hakuna hotuba nyingine juu yake, linabaki neno la shukrani basi. Nimeona diwani akiitwa kuongea baada ya mgeni rasmi kwa kuwa alisahaulika mwanzo, meza kuu nzima ilinuna.

ChumbageniFinest
Mbona kwenye harusi emsii anakaribisha kila mtu?

MwalimuMstaafu_Muheza
Harusi ni harusi. Hapa tunazungumzia shughuli ya serikali na jamii.

DadaRaskazone
Samahani jamani kwahiyo emsii mzuri wa sendofu hapa mjini kwa sasa wanachukua bei gani? Mdogo wangu ana shughuli mwezi ujao.

FundiSpika
Njoo inboksi dada.

KatibuKamati
Nimesoma mpaka mikono inanitetemeka. Mimi niliyaona mwenyewe, upande wa Pangani, uzinduzi wa zahanati, nilikuwa katibu wa kamati. Mgeni rasmi alikuwa ng'ambo, anasubiri kivuko, na kivuko siku ile kilikuwa na foleni. Mshereheshaji wetu kijana mzuri tu ana sauti, ngoma imechezwa, kaswida imeimbwa, saa sita kasoro hana kitu mkononi. Akasema kwenye maiki, "kuna mzee wetu yeyote ana neno fupi atuchangamshe?" Akasimama mzee mmoja wa makamo ya babu yangu, kanzu safi, akapewa maiki mkononi, alianza vizuri sana, historia ya kijiji, wazee wa zamani, watu wanapiga makofi na vigelegele. Alafu akasema "na hapa mlipokaa palikuwa na minazi yangu, ikakatwa, nikaambiwa nitalipwa, nani kanilipa?"

Pakawa kimya. Mwenyekiti wa kijiji akasimama akamwambia kaa chini, hapo ndo pakaharibika kabisa maana wajukuu wa mzee wako nyuma wakasimama nao, wanawake wakaanza kukusanya watoto, mzee maiki haiachii na maiki ilikuwa hiyo moja, mshereheshaji anasema "mzee, mzee" bila kipaza sauti, nani anamsikia. Na huku vumbi la magari linaonekana barabarani. Aliyetuokoa ni shekhe. Alimwendea mzee, akamwamkia shikamoo mbele ya watu, akamshika mkono, akamkalisha kwenye kiti chake yeye cha meza kuu. Mzee akaikabidhi maiki kwa shekhe mwenyewe. Mimi nikachukua kalamu nikaongeza mstari mmoja kwenye risala, kwamba wapo waliotoa maeneo na fidia zao hazijakamilika. Mgeni aliposomewa akauliza huyo mzee ni nani, akaonana naye baada ya shughuli.

MtuWaDuga
Aisee!! Alilipwa?

KatibuKamati
Mimi nilihamia Tanga mjini mwaka uleule, mwisho wake sikuupata.

BintiSahare
Dada hapo kwenye risala ulikosea. Risala ilishapitishwa na kamati, huwezi kuongeza mstari peke yako dakika ya mwisho.

KatibuKamati
Ningefanya nini mwenzangu, mzee ameshasema mbele ya watu mia na ushei, nisome risala kama hajasema kitu? Mwenyekiti wa kamati alikuwa pembeni yangu, nilimwonyesha akatikisa kichwa kukubali.

BintiSahare
Bado nasema sio kazi ya risala. Malalamiko yana ofisi zake.

MtuWaDuga
Ofisi zipi hizo ambazo mzee hakwenda? Mnapenda wazee wanyamaze wageni wakija.

BintiSahare
Sijasema anyamaze, nimesema mahali.

MwalimuMstaafu_Muheza
Mnisamehe niingilie. La mzee mtabishana mpaka kesho, ila la maiki halina ubishi. Usiulize "nani ana neno". Na unapomhoji mtu maiki ibaki kwenye mkono wako, wewe unamsogezea mdomoni, akimaliza unairudisha. Ukishaiachia umeikodisha. Tena hakikisha fundi wa spika ana maiki ya pili imewashwa, na mkubaliane ishara, ukigusa sikio anapunguza sauti ya ile nyingine taratibu.

FundiSpika
Hilo la kupunguza taratibu nakubali. Ukiikata ghafla mtu anapiga kelele zaidi.

KaoleBagamoyo
Nipo Bagamoyo huku, shughuli hatukosi. Nataka kuongezea la kuwaambia watu ukweli. Usiseme "mgeni wetu yuko getini" wakati yuko kilomita arobaini, ukisema mara ya kwanza wanapanga viti, ya pili wanacheka, ya tatu hata ukisema kweli hawainuki. Mi nasema hivi: "mgeni wetu amechelewa, tutaangalia tena saa tano kamili, mpaka hapo tunaendelea na moja mbili tatu." Na saa tano kamili nasimama kweli kuwaambia nilichonacho, hata kama ni kilekile.

ChumbageniFinest
Kaka ukiwaambia saa nzima imebaki wanaondoka wote. Mimi nasema yuko njiani basi, na sio uongo, njiani ni popote.

KaoleBagamoyo
Wakiondoka kwa ukweli wanarudi. Akina mama wenye vyungu jikoni ndo wanahitaji kujua zaidi, wasije wakapakua mapema chakula kikapoa.

MwanaMakorora
Nashukuru sana wakuu, mwalimu shikamoo. Sasa nisaidieni hili, tuseme ameingia saa tano na dakika 40. Msikiti uko jirani na adhuhuri kwa sasa inaadhiniwa kama saa sita na nusu. Nakata nini?

MwalimuMstaafu_Muheza
Marahaba. Hesabu kutokea kwenye adhana kurudi nyuma. Una dakika 50. Kukata utepe na kukagua madarasa 10, maana atasimama kuongea na watoto. Wimbo wa taifa na dua ya shekhe na ya padri 5. Utambulisho 5, usitaje mmoja mmoja, waite kwa makundi wasimame, kamati ya shule, wazee, wafadhili, mafundi. Risala 6, mwambie msomaji asome mafanikio kwa ufupi na maombi yote, nakala kamili mgeni anakabidhiwa. Mwenyeji kumkaribisha 3. Hotuba 15. Shukrani 2. Jumla 46. Zile nne zilizobaki zitaliwa na watu kutembea kutoka madarasani kurudi kwenye viti, usizigawe. Picha na chakula baada ya swala.

Ngoma ya pili inatoka, na neno la mwenyekiti wa kamati linaingia ndani ya risala. Lakini mfuate mwenyewe alipokaa, umwinamie umwambie "mzee muda umetubana, nitakutaja kwenye shukrani". Asisikie kwenye maiki kwamba ameondolewa.

Wanaobaki wape dakika zao hadharani unapowaita: jina, cheo, anasema nini, dakika ngapi. "Namkaribisha mwalimu mkuu atusomee risala, dakika sita." Jina muulize mwenyewe asubuhi anapenda aitweje, wengine wana ualhaji wanataka utajwe, wengine hawataki. Dakika ikibaki moja sogea simama upande anaokuona.

MtuWaDuga
Na mgeni rasmi akizidisha kumi na tano?

MwalimuMstaafu_Muheza
Huyo humsogelei. Unamnong'oneza msaidizi wake kabla hajapanda, kwamba adhana ni saa fulani. Wengi wakisikia adhana wanasimama wenyewe.

BintiSahare
Wa kwetu mwaka jana alisubiri adhana iishe akaendelea nusu saa.

MwalimuMstaafu_Muheza
Basi hapo waruhusu wanaotaka kuswali watoke taratibu kwa nyuma, na safu ya mwisho uiache wazi tangu asubuhi kwa ajili hiyo.

MwanaMakorora
Safu ya nyuma sikuwa nimeifikiria. Dereva wa mgeni namba yake naipata kwa nani, ofisi ya mtendaji kata au niende wilayani?

KatibuKamati
Anza kwa mtendaji wa kata, barua ya mwaliko ilipitia kwake. Nenda kesho asubuhi, Ijumaa watu wanatoka mapema.