Majaribio yetu yananasa makosa kweli? Kuongeza mistari inayopitiwa au kupandikiza kasoro

Msanifu_Moro
Habari zenu, wanajukwaa. Tumekabidhiwa mfumo wa mikopo wenye majaribio mengi yanayopita mistari 84% ya msimbo. Mwisho wa mwezi ni lazima tuamue jambo moja kati ya mawili: kuandika majaribio zaidi hadi tufike 95%, au kutumia zana inayoharibu msimbo kwa makusudi ili ionekane kama majaribio yatagundua. Mnashauri lipi?

Bi_Kanuni
Ndugu, hujataja lugha, hujasema majaribio yote huchukua muda gani, wala kama yanagusa hifadhidata. Bila hayo matatu tutakushauri gizani.

Kilele99
Nenda 95%, na hakikisha kila tawi la `if` limepitiwa pande zote mbili. Ukishafanya hivyo hakuna kosa litakalojificha, na hutapoteza umeme wa seva.

Msanifu_Moro
Samahani, dada. Ni Java 17 na JUnit 5. Yote huchukua dakika 11, kwa sababu karibu nusu yanafungua hifadhidata.

Bi_Kanuni
Kaka Kilele, matawi ni hatua nzuri, lakini kupitiwa si kukaguliwa. Tuchukue faini ya mkopo uliochelewa zaidi ya siku 7:

```java
long faini(int siku, long baki) {
    if (siku > 7) {
        return baki * 5 / 100;
    }
    return 0;
}
```

Jaribio moja linatumia siku 3 na kutarajia 0. Jingine linatumia siku 20 na baki 100000, likitarajia 5000. Mistari yote imepitiwa, matawi yote mawili pia. Pitest, zana ya kupandikiza kasoro kwenye Java, itageuza `>` kuwa `>=`, na majaribio yote mawili yataendelea kufaulu, kwa hiyo ripoti itaandika `SURVIVED`, yaani kasoro imenusurika. Maana yake ni kwamba mteja wa siku ya 7 anaweza kutozwa faini asiyostahili na hakuna jaribio litakalopiga kelele. Jaribio la siku 7 linalotarajia 0 linaziba pengo hilo.

Hata hivyo zana nayo ina mipaka. Mtu akiandika 10 badala ya 7, majaribio ya siku 3, 7 na 20 yote yatafaulu, na mabadiliko ya kawaida ya Pitest hayagusi namba hiyo mpaka uwashe `INLINE_CONSTS`. Kwa hiyo ongeza na siku 8.

Juma_Nyoka
Mimi ninatumia Paithoni, na zana yake ya kupandikiza kasoro, mutmut, inagoma kwenye Windows. Je, Pitest itanisaidia?

Bi_Kanuni
Hapana, ndugu Juma. Pitest hubadilisha baitikodi ya Java. Endesha mutmut ndani ya WSL.

MzeeWaSeva
Niwasimulie yaliyotupata kazini, kwa sababu suala la hifadhidata ndilo zito hapa. Tuliendesha Pitest kwenye mradi mzima, majaribio yote yakitumia hifadhidata moja ya pamoja. Alama zikatoka juu sana, wakubwa wakafurahi. Nilipofungua ripoti na kuangalia ni jaribio lipi lililokamata kila kasoro, nikakuta jaribio moja la orodha ya matawi ya benki limesifiwa kwa kukamata kasoro za hesabu ya riba, ambayo linaipitia njiani tu bila kuikagua hata kidogo. Sababu ni kwamba kasoro moja ilikuwa imegeuza sharti la kufuta rekodi, data ya majaribio ikafutika, na tangu hapo jaribio hilo likawa linaanguka kila lilipoendeshwa. Kila kuanguka kukahesabiwa `KILLED`, yaani kasoro imekamatwa. Kwa hiyo, mkuu, anza na kifurushi cha hesabu tupu kisichogusa hifadhidata:

```
mvn test-compile org.pitest:pitest-maven:mutationCoverage \
  -DtargetClasses='com.mfano.mikopo.hesabu.*'
```

Kumbuka pia kuongeza `pitest-junit5-plugin`, la sivyo majaribio yako hayataonekana.

Kilele99
Nimeelewa mfano wa siku 7. Basi wekeni `mutationThreshold` iwe 100, msimbo usiingie tawi kuu mpaka kasoro zote zikamatwe.

Bi_Kanuni
Hapo sikubaliani nawe. Msimbo unaosema «kama a > b rudisha a, vinginevyo rudisha b» ukigeuzwa kuwa `>=` hurudisha jibu lilelile, maana a na b zikilingana hakuna tofauti. Hakuna jaribio linaloweza kuikamata kasoro hiyo, na ukilazimisha 100 watu wataanza kuupinda msimbo ili kuridhisha zana.

MzeeWaSeva
Mimi ningeweka kizuizi, ila kwa faili zilizobadilishwa tu, kwa kiwango cha chini. Bila kizuizi ripoti haisomwi na mtu.

Msanifu_Moro
Nimeendesha kwenye kifurushi cha hesabu. Nyingi za zilizonusurika ni za mipaka kama ile ya siku 7, lakini kadhaa ni za kuondoa mwito wa kuandika kumbukumbu za seva. Hizo mnaziandikia majaribio?

Bi_Kanuni
Za kawaida naziacha nje kwa `avoidCallsTo`. Kama ni kumbukumbu ya ukaguzi wa fedha, naiandikia.

Kilele99
Nami ningeziandikia zote.