Bonasi ya elfu 20 imenila 145,000 na meseji zao bado zinamiminika, naombeni njia ya kuzizima ZOTE

fundi_bati (mleta uzi)

Wakuu habari za mihangaiko. Naandika nikiwa na hasira na sitaitaja kampuni maana sitaki kesi, ila ni hizi hizi za kubeti ambazo kila ukiwasha redio wapo.

Ilikua hivi, Jumanne ikaja meseji "weka 20,000 tukuongezee 20,000". Mi nikajua ni hela, nikaweka, kweli bonasi ikaingia. Siku ya tatu mikeka miwili ikatiki salio likasoma 61,000, nikasema natoa 40 niache inayobaki. Nagusa kutoa, inaniambia bado hujakamilisha masharti. Kuyafungua sasa, maandishi madogo kama ya karatasi ya dawa: bonasi lazima uizungushe mara 10, yaani nibeti jumla ya 200,000, mikeka ya mechi tatu kwenda juu, kila mechi odi isipungue 1.40, ndani ya siku 7. Na kuna mstari kama wa kudaunilodi unaonyesha umefika wapi. Mimi nilikua 74,000. Bado 126,000.

Hapo ndo nilipoliwa kichwa. Badala ya kuachana nao nikaona 61 yangu ile pale, nimalize tu masharti nitoe. Nikaanza kubeti haraka haraka hata ligi ambazo sizijui, timu za Finlandi huko, ikaisha. Nikaongeza 15, ikaisha. Afu 30, afu 30 tena, na Jumatatu usiku 50 ambayo ilikua ya kununua rivets na silikoni za kazi ya mteja. Jumlisha na 20 ya kwanza ni 145,000. Jumanne asubuhi bonasi ikafutwa.

Kilichoniuma zaidi nimekaa nikafungua historia ya miamala ya simu nikailinganisha na meseji. Nimeweka hela mara 5. Mara 4 kati ya hizo kuna meseji au notifikesheni iliyoingia chini ya nusu saa kabla. Jumamosi saa 12 jioni "bonasi yako inakaribia kuisha", Jumapili "tumekupa fribeti 1,000 rudi uwanjani", na ile ya 50 ilikuja saa 5:40 usiku nimeshalala simu ikatetemeka chini ya mto. Yaani siyo mimi niliyekua naamua, nilikua naitwa kama kuku kwa pumba!!

Apu nimeifuta. Meseji bado. Fesibuku matangazo bado. Na cha ajabu notifikesheni BADO zinakuja wakati apu haipo. Nisaidieni.

chuma_ulete

Pole mkuu. Ila leo una mkeka gani, tupia hapa hata kodi

fundi_bati

Wewe hujasoma uzi hata mstari mmoja

kaunta_namba_2

Mleta uzi pole sana. Mi nimekaa kaunta ya duka la kubeti miaka minne kabla sijarudi shamba, ngoja nikueleze hiyo 200,000 ilivyokaa.

Chukua mechi ya ova na anda 2.5 ambayo hamna anayejua itaendaje, ni hamsini kwa hamsini. Haki ni kukupa odi 2.00 kila upande. Utaikuta 1.90 na 1.90. Hiyo kumi iliyokatwa ndo mshahara wao, na kwa mechi moja inaonekana kidogo. Sasa wao wamekulazimisha mechi tatu. Mechi tatu za hamsini kwa hamsini, mikeka 8 mmoja ndo unatarajiwa kutiki, kwa hiyo haki ingekua odi 8. Piga 1.90 mara tatu unapata 6.86. Ukibeti mikeka 8 ya buku buku umetoa 8,000, ukitiki mmoja umerudishiwa 6,860. Umeacha 1,140.

200,000 ina hizo elfu nane nane 25. Zidisha 1,140 mara 25 ni 28,500. Wamekupa bonasi ya 20,000 na kazi ambayo kwa wastani inakula 28,500. Kuna atakayebahatika akatoa, wapo, na picha yake ndo wataiweka kwenye tangazo. Ila sharti lingekua mara 5 tu hesabu ingekua 14,250, hapo kidogo bonasi ingekua na maana. Kwa hiyo ukiona bonasi usiangalie wanakupa asilimia mia au mia mbili, angalia unazungusha mara ngapi, ni bonasi peke yake au bonasi na hela uliyoweka, na kwa mikeka ya mechi ngapi.

Na fribeti nayo angalia. Fribeti ya 1,000 ikitiki kwa odi 3 wengi wao hawakupi 3,000, wanakupa 2,000, ile buku wanabaki nayo.

mama_Junior_Kibaha

Yani mimi siyo mkamaria ila hapa nimejiona. Mimi ni apu za mikopo. Nikimaliza tu kulipa naambiwa hongera kiwango chako kimepanda, bofya upate sasa. Sikua na shida yoyote ya hela ila nikiona kiwango kimepanda naona kama ni hela yangu imekaa tu. Mwezi jana nimekopa nikanunua makontena ya plastiki. Ya nini jamani.

dogo_wa_laini

Mkuu jibu STOP kwenye hiyo meseji, kisha ifowadi 15040 ya TCRA, wanafungiwa hao.

kaunta_namba_2

Dogo umepatia nusu. 15040 ni ya kuripoti matapeli, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kampuni yenye leseni inayotangaza bonasi siyo tapeli kwa maana hiyo, kwa hiyo usitegemee sana. Na STOP inafanya kazi kama meseji imetoka kwenye namba fupi. Zake nahisi zinakuja kwa jina la kampuni, siyo namba, na jina huwezi kulijibu, ukijaribu simu yenyewe inakukatalia.

fundi_bati

Kweli zinakuja kwa jina. Nimejaribu kujibu imegoma.

binti_simu

Kaka natengeneza simu Mwanjelwa, hili la notifikesheni bila apu naliona kila wiki. Uliingia kwenye tovuti yao kwa Chrome, kikatokea kiboksi kinauliza Allow au Block, ukabonyeza Allow ili kikuondokee. Sasa anayekutumia ni Chrome, siyo apu. Fungua Chrome, vidoti vitatu juu, `Settings`, `Site settings`, `Notifications`. Utaona orodha ya tovuti ulizoziruhusu, nakuhakikishia hutakuta moja tu, gusa kila moja ya kubeti izuie. Hata za habari za michezo zitoe, nyingi zinabeba odi humo humo.

Ya jina la kampuni: fungua hiyo meseji, vidoti vitatu, `Details`, halafu `Block & report spam`. Simu nyingine menyu inakaa tofauti kidogo ila neno block lipo. Shida yake inazuia jina hilo tu. Wakituma kwa jina jingine inapita, unazuia tena.

Na kwa ambao hawataki kufuta apu, ikija notifikesheni usiitelezeshe kuitoa, ibonyeze ukishikilia, itakuletea sehemu ya kuizima moja kwa moja. Kutelezesha ni kuifagia ya leo tu.

fundi_bati

Dada Mungu akubariki, nimekuta tovuti 9 humo!! Mbili hata sizijui nilifikaje. Na matangazo je? Kila nikiangalia video YouTube ya kuezeka bati wanakatiza wao.

binti_simu

Ingia `myadcenter.google.com` ukiwa na akaunti yako, nenda `Customize Ads`, ndani kuna `Sensitive`, utakuta Gambling ina swichi, izime. Hiyo inashika YouTube na matangazo ya Google kwenye tovuti nyingine. Fesibuku na Instagramu ni `Accounts Center`, `Ad preferences`, `Ad topics`, andika gambling uchague See less. Nisikudanganye, zote mbili zinapunguza, hazikati kabisa. Na tangazo ambalo mtu maarufu kaliweka kwenye ukurasa wake mwenyewe haliguswi, huyo umwache kumfuata.

kaunta_namba_2

Ongezea na magrupu ya Telegram ya "mikeka ya uhakika". Wengi wanakupa linki ya kujisajili, na kuna mikataba ambayo mwenye grupu analipwa asilimia ya kile ulichopoteza. Ukiliwa na yeye anakula. Sasa mtu wa hivyo anakupaje mkeka wa kutiki.

Lingine, umefuta apu ila akaunti iko hai na namba yako iko kwenye orodha yao ya "wateja waliopoa", hao ndo wanaotumiwa fribeti nyingi kuliko wote. Waandikie huduma kwa wateja, kwa maandishi siyo kupiga, vitu viwili: wafunge akaunti kwa ombi lako, na waitoe namba yako kwenye matangazo. Taja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inakupa haki ya kukataa taarifa zako zisitumike kukutangazia biashara. Wakikaidi kuna Tume ya hiyo sheria, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Hifadhi skrinishoti zenye tarehe.

bob_tandika

Mnazunguka sana. Dawa ni mwanaume kujizuia basi. Mimi nabeti buku Jumamosi tu na meseji zinakuja sishtuki

mama_Junior_Kibaha

Bob wewe unakula notifikesheni ngapi kwa siku? Hesabu kwanza ndo uje.

bob_tandika

Nimehesabu, jana 11. Lakini nimebeti buku mbili tu

mama_Junior_Kibaha

Si ulisema buku. Na jana ilikua Alhamisi.

fundi_bati

Wakuu mrejesho, leo Jumapili. Barua pepe nimetuma Ijumaa, wamejibu na ya kushukuru kwa kuwasiliana nao, akaunti bado inafunguka. Chrome kimya kabisa. YouTube limepita tangazo moja tu, la saruji. Jana saa 12 jioni ile ile ikaja meseji, jina tofauti na la kwanza, wamebadilisha herufi mbili. Nimezuia. Saa 2 usiku ikaja nyingine kwa jina la tatu. Hiyo nimeipiga picha kwanza ndo nikazuia, naiambatanisha kesho kwa Bodi. Kuna aliyewahi kuwaandikia hao akajibiwa, ilichukua muda gani?