Naomba ushauri: *bien que j'ai étudié* au *bien que j'aie étudié*?

Mwanagenzi

Habari zenu wakuu. Leo nimerudishiwa insha yangu ya Kifaransa, na kuna sentensi moja ambayo mwalimu ameizungushia wino mwekundu mahali pawili. Pembeni kaandika *subj.* basi, hakuna maelezo mengine. Sentensi yenyewe ni hii:

*Bien que j'ai étudié le français pendant trois ans et je lis des journaux, je ne comprends pas les films.*

Nilitaka kusema kwamba ingawa nimejifunza Kifaransa miaka mitatu na magazeti nayasoma, filamu bado zinanishinda.

Kinachonitatiza ni hiki. Nilifundishwa kwamba sabjonktifu ni ya mambo ya kutaka, kuamuru au kutilia shaka, na nikaielewa kwa kuilinganisha na ile *-e* yetu: nataka asome, mwambie aje. Kitu hakijatokea, kinatakiwa kitokee. Sasa miaka mitatu nimeshaisoma na magazeti yapo mezani, shaka iko wapi? Kwa Kiswahili siwezi kusema "ingawa nisome miaka mitatu", mtu ataniona nimechanganyikiwa. Isitoshe, nikisoma kwa sauti *j'ai* na *j'aie* nazisikia sawasawa. Mwalimu yuko sahihi, au kapitiwa?

Kipepeo88

Mkuu, mimi naona uko sahihi. Msingi wa sabjonktifu ni shaka. *Je crois qu'il est malade*, indikatifu, kwa sababu unaamini. *Je ne crois pas qu'il soit malade*, sabjonktifu, kwa sababu huamini. Wewe unaeleza jambo la kweli, kwa hiyo *j'ai*. Tena wenye lugha yao nawasikia kila siku wakisema *bien que j'ai*. Rudi kwa mwalimu umuulize.

Mzee wa Kamusi

Mwanagenzi, mwalimu wako yuko sahihi, tena mahali pote pawili. Andika *j'aie*, na andika *que je lise*.

Kipepeo, mfano wako wa *croire* ni mzuri, ila hauhusiani na jambo hili. Kwa *croire* msemaji ana nafasi ya kuchagua, na uamuzi wake ndio unaobadilisha kitenzi. *Bien que* haikuulizi unaamini nini. Iwe jambo ni la hakika kama jua kuchomoza, kitenzi kinachoifuata kinaingia sabjonktifu: *Bien que la Terre soit ronde*. Hakuna anayetilia shaka kwamba dunia ni mviringo, na bado ni *soit*. Kinachodai hapo ni kiunganishi chenyewe.

Ukitaka sababu iliyo ndani yake, mimi huiona hivi. Anayesema *parce que* analiweka jambo mbele ili lifanye kazi: nimesoma, ndiyo maana naelewa. Anayesema *bien que* analikubali jambo halafu analisogeza kando, kwa sababu halikuleta matokeo yaliyotarajiwa. Lipo, lakini silo analolitangaza. Kwa hiyo usiifunge sabjonktifu ya Kifaransa kwenye *-e* ya Kiswahili. Zinakutana kwenye *je veux qu'il lise*, nataka asome. Kwenye *bien que* zinaachana, maana "ingawa" yetu inachukua kitenzi cha kawaida kabisa.

Kuhusu sikio, usijilaumu. Wako wanaotofautisha *j'ai* na *j'aie* kwa kuufungua mdomo kidogo zaidi kwenye ya pili, lakini wengi hawatofautishi kabisa. Kipepeo anaposema amesikia *bien que j'ai*, hawezi kujua kama msemaji angeandika na *e* au bila *e*. Njia ya kujipima ni kubadilisha nafsi. Weka *il*: *bien qu'il a étudié* na *bien qu'il ait étudié*. Hapo sauti zinaachana waziwazi, na ya pili ndiyo yenyewe. Ukirudi kwenye *je*, unajua lazima iwe *j'aie*.

Kosa lako la pili halihitaji hata kipimo hicho. *Je lis* inaishia kwenye *i*, *je lise* ina *z* inayosikika mwishoni.

Nuru ya Asubuhi

Samahani, mbona mimi kwenye kitabu changu cha mazoezi kuna *Je vois bien que tu es fatigué*? Hapo ni *bien que* na kitenzi ni *es*, siyo *sois*. Nilimwuliza mwenzangu darasani akasema kumbe zote mbili zinakubalika. Hebu tusaidieni, mimi nina mtihani wiki ijayo.

Mzee wa Kamusi

Dada Nuru, maneno hayo mawili yamekaa jirani tu, hayashikani. Kwenye sentensi yako *bien* ni ya *vois*: naona vizuri kabisa, naona wazi. Halafu *que* ndiyo inayofungua kile unachokiona. Iondoe *bien* uone: *Je vois que tu es fatigué*. Sentensi imesimama, maana haijabadilika sana. Sasa iondoe *bien* kwenye ya Mwanagenzi: *Que j'aie étudié le français, je ne comprends pas les films*. Ile "ingawa" imetoweka na sentensi imevunjika. Huko ni kiunganishi kimoja chenye maneno mawili, kwako ni maneno mawili yaliyopangana. Vivyo hivyo *je sais bien que tu as raison*.

Na huyo mwenzako akikuletea *c'est bien que tu sois venu*, hiyo nayo ni kitu cha tatu. Sabjonktifu ya pale inatokana na *c'est bien*, ni vizuri kwamba umekuja.

Nuru ya Asubuhi

Aisee. Kumbe nilikuwa nafuta jibu sahihi na kuandika *sois*. Asante sana mzee wangu.

Mwanagenzi

Asanteni. Naona mwanga sasa. Swali dogo: kwa nini *que* irudiwe kabla ya *je lise*? Kwa Kiswahili "ingawa" moja inatosha kubeba vitenzi viwili. Pia mwaka jana niliandika *bien que je parle lentement* na sikukosolewa, ndiyo maana niliamini indikatifu inakubalika.

Mzee wa Kamusi

Swali la *que* ni zuri. Kifaransa hakipendi kuirudia *bien que* nzima, na hakipendi pia kukiacha kitenzi cha pili bila kitu. Kwa hiyo *bien* inaachwa, *que* inarudi peke yake, na ile *que* ndogo inakuja na nguvu yote ya ile ya kwanza: *Bien que j'aie étudié… et que je lise…* Wengi hukumbuka sabjonktifu kwenye kitenzi cha kwanza, wakaisahau kwenye cha pili kwa sababu *bien* haionekani tena.

*Bien que je parle* haikukosolewa kwa sababu tayari ni sabjonktifu. Vitenzi vya *-er* vya kawaida vina umbo lile lile kwa indikatifu na sabjonktifu kwenye *je, tu, il, ils*. Ulikuwa umepatia bila kujua. Ungeandika kwa *nous* ungeona tofauti: *bien que nous parlions*, siyo *parlons*.

Tafsiri Huru

Naomba niongeze jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mwanagenzi, bado unasoma Kifaransa au umeacha?

Mwanagenzi

Bado nasoma, dada. Naingia mwaka wa nne.

Tafsiri Huru

Basi kuna jambo jingine ambalo wino mwekundu haukuligusa. *J'ai étudié pendant trois ans* inamfanya msomaji aelewe kwamba ile miaka mitatu imekwisha. Kama unaendelea, Kifaransa kinataka wakati uliopo pamoja na *depuis*:

*Bien que j'étudie le français depuis trois ans et que je lise des journaux, je ne comprends pas les films.*

*Étudie* nayo ina umbo lile lile kwa indikatifu na sabjonktifu, kwa hiyo lile suala la *j'ai* au *j'aie* linajiondokea lenyewe. Ila ukihamia *nous* uwe makini: *bien que nous étudiions*, *i* mbili zikifuatana. Moja ni ya shina la kitenzi, moja ni ya kiambishi. Watu huiona kama kosa la uchapaji wakaifuta.

Na wewe Kipepeo, nikutetee kidogo. Indikatifu baada ya *bien que* ipo kwenye mazungumzo, nami nimeisikia waziwazi, *bien que c'est vrai*, siyo suala la sikio. Kwenye maandishi yanayosahihishwa ni kosa. Anayetaka indikatifu kwa amani atumie *même si*: *même si j'étudie le français depuis trois ans et que je lis des journaux*. Hapo ni *lis*, kwa sababu *même si* inachukua indikatifu.

Kipepeo88

Nimekubali kuhusu *bien que*. Lakini nilisoma mahali kwamba *que* ikishika nafasi ya *si* inaleta sabjonktifu. Mbona umeandika *que je lis*?

Tafsiri Huru

Umesoma sawa. *S'il vient et qu'il soit en retard*, hiyo ndiyo kanuni ya maandishi rasmi kwa *si* ya masharti, ingawa wengi siku hizi wanaandika *est*. Kwa *même si* inayoeleza jambo la kweli mimi huacha indikatifu, na ndivyo ninavyokutana nayo mara nyingi kwenye kazi ninazotafsiri. Mzee, wewe unasemaje?

Mzee wa Kamusi

Mimi ningeirudia *même si* nzima, *et même si je lis*, nikaliepuka kabisa. Lakini *lis* yako nisingeikata.

Mwanagenzi

Nimeandika upya kwa *j'étudie depuis* na *que je lise*. Kuna sentensi nyingine kwenye insha ile ile: *Bien que j'étais fatigué, j'ai continué à lire.* Kwa kanuni hii nadhani nayo imekosewa, ila sijui niweke nini. *Sois* inaonekana ya sasa hivi, na mimi naongelea jana.

Mzee wa Kamusi

Weka *Bien que je sois fatigué, j'ai continué à lire.* Sabjonktifu hiyo haisemi "sasa hivi", inasema uchovu ulikuwepo wakati ule ule wa kuendelea kusoma. Kwenye vitabu vya zamani utakutana na *bien que je fusse fatigué*. Itambue unaposoma, usiiandike kwenye insha.

Tafsiri Huru

Hapo mimi na mzee tunatofautiana kidogo. Nikiisoma *je sois fatigué* peke yake, siwezi kujua kama uchovu umekwisha au bado upo. Kama nafsi ni ile ile, mimi huondoa kitenzi kabisa: *Bien que fatigué, j'ai continué à lire.* Ni fupi, na kama mwandishi ni mwanamke iwe *fatiguée*.

Mzee wa Kamusi

Hiyo ni safi, sina pingamizi. Ila ajifunze na *sois*, maana siku nafsi zikitofautiana, *bien qu'il soit fatigué, nous avons continué*, njia hiyo ya mkato haipo.