Baba Mkubwa hajakojoa tangu asubuhi

*Kikundi: Ukoo wa Nkuhungu*

Elia 17:06
Mbukwenyi. Baba katoka chumba cha upasuaji saa 5 asubuhi, bawasiri zimeondolewa salama. Ila mara ya mwisho kukojoa ni saa 2, kabla hajaingia. Tumempa maji lita nzima na tikiti, wapi!

Shangazi Tabu 17:09
Mtu kafunga kula tangu jana, mkojo utoke wapi? Mwongezeni maji, mwacheni alale.

Rehema 17:14
Elia, simamisha maji kwanza. Ganzi ilikuwa ya mgongo? Dripu kawekewa ngapi?

Elia 17:15
Ya mgongo. Dripu tatu.

Rehema 17:19
Basi shangazi, mkojo upo, njia ndiyo imegoma. Ganzi ya mgongo inakilaza kibofu, na miguu huwahi kuamka kuliko kibofu. Huku dripu zinazidi kukijaza. Halafu kidonda kikiuma, misuli ya huko chini inajikaza, na mkojo hauwezi kupita mpaka ilegee. Kumwongezea maji ni kujaza dumu lililofungwa.

Mjomba Yohana 17:22
Mimi nilipokatwa mgoro mkojo haukunisumbua. Kilichonisumbua ni choo. Mwezi wa pili kikawa chembamba kama kalamu, nasukuma mpaka machozi.

Rehema 17:24
Hilo ni jingine mjomba, tutalirudia. Elia, mpe dawa ya maumivu waliyoandika, msimamishe kando ya kitanda, mfungulie bomba asikie maji. Bonyeza taratibu chini ya kitovu uniambie.

Elia 17:38
Pagumu, kama mpira. Anasema panauma. Lakini habari njema, ameanza kutoa matone, shuka limelowa!

Shangazi Tabu 17:39
Bwana asifiwe.

Rehema 17:40
Shangazi, bado. Kibofu kikijaa kupita kiasi kinamwagika juu kama pipa, chini kumebaki vilevile. Kamwite nesi SASA, mwambie saa 9 zimepita na tumbo limejaa. Kikivutika sana kinachoka, hata ganzi ikiisha kinashindwa kusukuma.

Zawadi 17:44
Kumbe ndiyo kule kuvuja kunakosemwa baada ya opresheni hii?

Rehema 17:46
Hapana, kule ni kuvuja upepo na uchafu kidogo kwenye nguo ya ndani. Huu ni mkojo.

Elia 18:27
Wameweka mpira wa mkojo. Umetoka mililita 900! Baba kacheka peke yake. Ila nesi anauliza kwa nini hatukusema mapema. Na sisi tulijuaje? Hakuna aliyetuambia tuhesabu saa.

Rehema 18:31
Hapo mna haki ya kulalamika. Nyumbani alikuwa anaamka usiku kukojoa?

Elia 18:32
Mara tatu, nne.

Rehema 18:35
Mwambieni daktari hilo kabla mpira haujatolewa. Ana miaka 67, huenda tezi dume ilikuwa inabana tangu zamani, ganzi imemalizia tu. Au ni ganzi na dripu peke yake, mimi kutoka hapa siwezi kujua.

Zawadi 18:41
Sasa mnanitisha. Baba Junior kapangiwa mwezi ujao. Aahirishe?

Rehema 18:49
Hapana. Kugoma mkojo ndilo tatizo la mara kwa mara. Hesabu zinapishana sana, wengine huona wawili watatu kati ya 100, wengine zaidi ya 20, kutegemea ganzi, dripu na umri. Kwa wengi huisha ndani ya siku moja mbili. Njia ya choo kubana kama kwa mjomba ni wachache, kwa kawaida hawafiki watano kati ya 100. Hutokea ngozi ikikatwa nyingi bila kuachwa vipande vizima katikati ya vidonda, kovu likaja kukaza.

Mjomba Yohana 18:53
Mimi daktari alinipanua kwa kidole, kisha nikapewa dawa ya kulainisha. Nikapona bila kukatwa tena. Nilikuwa naogopa choo, nakula kidogo ili nisiende!

Rehema 18:56
Na hilo linachangia, mjomba. Choo laini kinachopita kila siku ndicho kinachoipanua njia. Mlenda na ugali wa uwele, maji ya kutosha. Hayo maji ni baada ya mkojo kufunguka, shangazi 😄

Zawadi 18:58
Na kuvuja?

Rehema 19:04
Wiki za mwanzo upepo unaweza kumponyoka, maana vile vinyama vilivyoondolewa navyo husaidia kuziba. Mara nyingi hurudi sawa. Kinachobaki ni misuli ya kubana ikijeruhiwa, na hapo mtu anaweza kushindwa kuzuia hata choo kigumu. Ni nadra. Mumeo aulizwe kama sasa hivi upepo unamponyoka, daktari ajue kabla ya kukata.

Zawadi 19:06
Nani atamuuliza mwanaume swali hilo!

Shangazi Tabu 19:07
Mimi.

Elia 19:15
Mpira unatolewa kesho asubuhi, asiondoke mpaka akojoe mwenyewe. Nani analala wodini leo? Baba anauliza nani kamalizia tikiti lake.