Naombeni ushauri: nile nini nipunguze joto la kukoma hedhi, na tumbo lisiongezeke?

Mama Kihonda: Habari zenu wanajukwaa. Nina miaka 53, hedhi imeshakoma. Moto unanipanda kifuani mpaka usoni, usiku khanga inalowa. Tumbo nalo limetoka wakati sili sana. Asubuhi nakunywa uji wa soya. Mchana na usiku nile nini?

Shangazi wa Tanga: Pole mwanangu. Mimi mchawi wangu alikuwa chai ya tangawizi ya moto. Nikimaliza kikombe, jasho chapachapa. Marehemu mume wangu alidhani malaria, kila mara ananipeleka kupima!

Jembe Kali: Acha ugali kabisa. Mwezi mmoja tu tumbo limekwisha.

Nesi Mstaafu: Ugali hauna kosa, tatizo ni mlima wake. Umri huu misuli inapungua, kwa hiyo chakula kile kile cha zamani kinabaki mwilini. Dona ukubwa wa ngumi yako, nusu sahani matembele au mchicha, halafu dagaa wa kuchemsha na nyanya au maharage. Usiku kula mapema, pilipili weka pembeni. Soya huwapunguzia joto baadhi ya wanawake, tena kidogo. Ila hilo la "sili sana" limenishtua. Unatumia dawa yoyote?

Mama Kihonda: Ya kawaida tu, haihusiani.

Nesi Mstaafu: Ya nini?

Mama Kihonda: Nilitolewa goita zamani. Namezea kidonge cha homoni na huo uji ili kisinichome tumbo. Jamani, soya ni chakula! Na nimeshasaga gunia zima.

Nesi Mstaafu: Hapo ndipo penyewe. Soya inazuia kidonge hicho kisiingie vizuri mwilini, na homoni ikipungua mtu ananenepa hata akila kidogo. Meza kwa maji matupu ukiamka, kaa nusu saa mpaka saa nzima ndipo ule. Uji wa soya uwe wa jioni, usipungue saa nne baada ya kidonge. Dozi usiiguse mwenyewe. Mwambie daktari umebadilisha muda, akupime damu baada ya wiki sita hivi. Vipi, choo kigumu? Unasikia baridi?

Fundi Fitina: Subirini kwanza. Gunia zima la soya? Si wewe uliyekuwa unauza unga wa lishe humu? Hii ni biashara, hakuna goita wala joto.

Jembe Kali: Nilijua tu 😂

Mama Kihonda: Kuuza nauza. Kwani muuza unga hakomi hedhi?

Fundi Fitina: Kilo bei gani?

Shangazi wa Tanga: Mwacheni mwenzenu. Mwanangu, hiyo soya uliichemsha na kuitoa maganda kabla ya kusaga? Mbichi itakuvuruga tumbo.

Nesi Mstaafu: Mama Kihonda, hujanijibu.

Mama Kihonda: Choo kigumu, ndiyo. Baridi nitaijuaje dada yangu, na huku nawaka? Kidonge nitameza na maji. Lakini uji wa asubuhi siachi, nitasogeza kidogo.

Nesi Mstaafu: Kidogo ni saa ngapi?